Muhtasari wa mwelekeo wa mvua za Vuli (Oktoba–Desemba) kwa maofisa mipango wa halmashauri, Mkoa wa Tanga

Muhtasari huu umetokana na taarifa ya mwelekeo wa msimu iliyotufikia mwishoni mwa Agosti. Asilimia na maneno ya tahadhari yameachwa kama yalivyoandikwa, na penye maoni yetu tumesema ni yetu.

Kwa ukanda wa pwani, yaani Pangani, Muheza, Mkinga na Jiji la Tanga, taarifa inatoa uwezekano wa asilimia 45 wa mvua za chini ya wastani, asilimia 35 za wastani na asilimia 20 za juu ya wastani. Kwa Lushoto, Bumbuli na Korogwe uwezekano ni asilimia 40, 35 na 25 kwa mpangilio huohuo. Kwa Handeni na Kilindi ni 33, 34 na 33. Hapo taarifa haikuelemea upande wowote, na ni kosa kuisoma kwamba imetabiri mvua za wastani. Makundi haya matatu yamepatikana kwa kuigawa misimu ya 1991–2020 katika theluthi, hivyo hata bila utabiri wowote kila kundi lingekuwa na takriban asilimia 33.

Mvua "huenda zikachelewa" hadi wiki ya nne ya Oktoba, na imani ya watabiri katika hilo ni "ya kadiri". Vipindi vya ukavu "vinaweza kujitokeza" Novemba. Sababu iliyotajwa ni dalili za La Niña "dhaifu" katika Pasifiki, pamoja na maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi kuwa baridi kuliko ya mashariki. Hali zote mbili kwa kawaida hupunguza mvua za Vuli kwetu, ingawa si kila mara.

Tunasisitiza jambo moja, kwa kuwa msimu uliopita asilimia 40 iliondoka mezani kwetu ikafika kwenye kata ikiwa "kutakuwa na ukame". Asilimia 45 kwa pwani maana yake ni kwamba uwezekano wa kupata mvua za wastani au zaidi ni asilimia 55. Kwa maoni yetu, hiyo inatosha kuwashauri wakulima wachanganye mbegu za muda mfupi na zile walizozoea, na kuanza mapema kufuatilia kina cha bwawa la Mabayani. Haitoshi kuwazuia wasipande. Fedha za kuzibua mitaro zisihamishwe, kwa sababu asilimia 20 ni msimu mmoja kati ya mitano, na jumla ndogo ya msimu haizuii mvua kubwa ya siku moja.

Taarifa inahusu jumla ya miezi mitatu katika eneo pana, wala haisemi lolote kuhusu kijiji fulani au tarehe fulani. Masahihisho ya kila mwezi yatatumwa kwenu yakiwa na asilimia zake mpya, na jedwali la zamani liondolewe kwenye majalada siku hiyohiyo.