Sera ya kuhifadhi logi, majedwali ya muda na nakala za zamani: Idara ya Data, Nairobi

Machi diski ya seva ilijaa usiku wa mwisho wa mwezi, na malipo ya wanachama yakakwama hadi asubuhi. Lisirudie. Lakini pia hatufuti ushahidi.

Logi za usawazishaji hukaa kwenye hifadhidata siku 90. Kisha hubanwa, huhesabiwa alama ya uhakiki kwa `sha256sum` na kupelekwa kwenye hifadhi isiyofutika kwa miaka 5, muda ambao sheria ya taratibu za kodi ya 2015 inadai kumbukumbu za kodi zitunzwe. Jedwali limegawanywa kwa mwezi; tunaangusha kipande kizima, kwa kuwa `DELETE` peke yake hairudishi nafasi ya diski:

```sql
DROP TABLE sync_log_2025_01;
```

Amri hii haitolewi kabla ya mtu wa pili kufungua faili la kumbukumbu na kulinganisha idadi ya safu.

Majedwali ya muda: siku 7 baada ya hesabu kulingana. Safu zilizokataliwa, siku 30.

Nakala za kila siku tunabaki na 14, za kila wiki 8, za kila mwezi 12. Ya Desemba 31, miaka 5. Nakala isiyojaribiwa kurejeshwa haihesabiwi.

Namba za simu na vitambulisho hufichwa kabla ya kuhifadhiwa, maana sheria ya ulinzi wa data ya 2019 hairuhusu kuzishika kupita haja.

Mkaguzi akitoa notisi, ufutaji unaohusika husimama siku hiyo hiyo, hata diski ikiwa imejaa asilimia 85. Tutanunua diski.