Kuhusu kipande cha video ya kamera tulichowapa upande wa pili

Mama Neema, shikamoo.

Jana wakili wa muuzaji amepokea flashi yenye kipande kimoja tu, kutoka kamera namba 3 inayotazama mlango wa stoo. Kwa saa ya mashine inayorekodi kamera kinaanza 16:52:08, lori linaporudi nyuma, na kinaishia 17:09:40, dereva anapofunga bodi. Sisi tuliomba kianze 16:52:10. Sekunde 2 za ziada zimeingia kwa sababu tumekata bila kuibadilisha picha, na ukikata hivyo kipande huanzia kwenye picha kamili ya karibu iliyotangulia.

Tulichoacha ni dakika 12 za mwanzo, wateja wakilipa kwa simu, na dakika 15 za mwisho, wewe ukihesabu mauzo. Havihusu mzigo, na nyuso na namba za watu hazina sababu ya kuzagaa. Lakini nakala nzima, 16:40 hadi 17:25, ninayo. Wakiiomba mahakamani tutaitoa, kwa hiyo ukiulizwa usiseme "nimewapa yote".

Kuna mambo mawili watakayoyashikilia.

La kwanza ni saa. Mashine yako iko mbele dakika 7. Hati ya mzigo umeisaini saa 10:47 jioni, kwenye video ni 16:54. Fundi ameilinganisha na saa ya simu na kuipiga picha, usiirekebishe kwanza.

La pili ndilo zito. Ukitoa muda wa kuanzia kwenye muda wa kuishia unapata dakika 17 na sekunde 32, ila video inacheza dakika 17 na sekunde 14. Sekunde 18 hazipo, kuanzia 17:01:32. Hatukuzikata sisi. Kamera imetegwa irekodi panapokuwa na mwendo tu, na pengo hilohilo limo kwenye nakala nzima. Watasema maboksi 30 yanayobishaniwa yaliingia hapo. Haiwezekani: makuli walikuwa 4, kila mmoja akibeba maboksi 2, na safari moja iliwachukua kama dakika nzima. Hata wote wangepita mara moja, ni maboksi 8. Video inaonyesha safari 60, yaani maboksi 120.

Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama ipime kama kumbukumbu ilitunzwa bila kuchezewa. Fundi ataapa kiapo kueleza alivyonakili, na alama ya SHA-256 ya kila faili, ambayo hubadilika faili likiguswa hata kidogo, tumeiandika. Kwa hiyo mashine izimwe leo na diski itolewe, kwa kuwa hujifuta yenyewe kila baada ya siku 14 na leo ni ya 11. Fundi atakuja saa 9 alasiri na diski nyingine.

Video usiitume Watsapu, inabanwa na alama haitalingana tena. Barua hii nayo ibaki kwako, hata Neema asimpelekee mtu.

Wakili wako