Ripoti ya tukio: oda zilivyosimama dakika 38, Jumanne asubuhi

Kabla hujasoma, humu hamna majina ya watu, kuna zamu na timu tu. Kila aliyegusa kitu siku ile alifuata mwongozo tuliouandika wenyewe, na mwongozo ndo ulikuwa na matobo. Saa ni zetu za kawaida, ukienda kwenye logi ongeza sita.

Mambo yalivyoenda

4:05 – skripti ya ripoti ya mwezi inaanza, inafungua transaksheni, inasoma jedwali la `oda`, alafu inaendelea kuandika faili huku transaksheni bado iko wazi.

4:12 – toleo jipya linapanda, migresheni inaongeza safu moja kwenye `oda`.

4:14 – ukurasa wa malipo unazunguka tu. Dashibodi iko kijani kabisa, tena CPU ya data besi imeshuka, na si ajabu, kazi zote zilikuwa zimesimama!

4:21 – tunajua kuna shida kwa sababu huduma kwa wateja wamepiga simu, alamu haikulia hata moja.

4:25 – toleo linarudishwa nyuma. Hamna kilichobadilika, maana kurudisha kodi hakukuua ile migresheni iliyokuwa bado inasubiri.

4:29 – seva za app zinaristatiwa, mwongozo unasema hivyo. Hali ikawa mbaya zaidi, kwa sababu sesheni za zamani zilizoko foleni ndani ya Postgres hazijui kama mwenye nazo kashaondoka, zinaendelea kushika nafasi huku mpya zinajazana juu yake, dakika mbili baadae tukaanza kuona `FATAL: sorry, too many clients already`.

4:38 – zamu ya data besi inaingia kwa zile nafasi chache zilizotengwa kwa superuser, na inaendesha hii:

```sql
SELECT pid, pg_blocking_pids(pid), query
FROM pg_stat_activity
WHERE wait_event_type = 'Lock';
```

Wote wanasubiri migresheni, na migresheni inasubiri ripoti.

4:43 – `pg_cancel_backend` kwa ile ripoti inajibu `t` lakini foleni haisogei. Sesheni ilikuwa `idle in transaction`, yaani hamna ombi linaloendeshwa la kusitisha.

4:47 – `pg_terminate_backend`. Migresheni ikapita hapohapo, foleni ikaanza kumalizika, 4:50 kila kitu sawa.

Data haikupotea. Kuna wateja wachache walikatwa hela oda isiingie, timu ya malipo imesharudisha zote.

Chanzo

Kuongeza safu tupu ni kazi ya papo hapo, ndo maana mapitio ya kodi yaliipitisha na hata leo yangeipitisha. Shida ni kufuli. `ALTER TABLE` inataka `ACCESS EXCLUSIVE`, na ripoti ilikuwa imeshika `ACCESS SHARE` ambayo haiachiwi mpaka transaksheni ifungwe, hata kama kusoma kumeisha kitambo. Kwa hiyo migresheni ikapanga foleni, na kila `SELECT` iliyokuja baada yake ikapanga nyuma yake, ingawa zenyewe na ripoti hazina ugomvi wowote. Mtu mmoja anasubiri mlangoni na wote wa nyuma yake wamekwama. Kwenye seva ya majaribio haikuonekana kwa sababu kule hamna ripoti inayoendeshwa, na hakukuwa na njia ya kuiona.

Kwanini ilichukua muda mrefu hivyo ni swali jingine, na kwa maoni yangu ndo zito zaidi: alamu zinaangalia mashine imechoka kiasi gani, haziangalii kama mteja anapata huduma.

Marekebisho na wenye nayo

Timu ya jukwaa: kila migresheni ianze na mstari huu, ikishindwa ijaribu tena yenyewe baada ya muda. Imeshaingia.

```sql
SET lock_timeout = '3s';
```

Timu ya ripoti: skripti ifunge transaksheni kabla ya kuandika faili, mpaka Ijumaa. Hii itangulie, alafu ndo timu ya data besi iweke `idle_in_transaction_session_timeout` ya sekunde 60 kwa yuza wa ripoti, tukipindua mpangilio ripoti itakatwa katikati na tutafungua tukio jingine.

Zamu: alamu mpya ya oda zilizokamilika kwa dakika, na nyingine ya sesheni zinazosubiri kufuli, wiki ijayo. Mwongozo nao urekebishwe, kabla ya kuristati app angalia kwanza `pg_stat_activity`, na ile tofauti ya cancel na terminate iandikwe wazi maana saa nane usiku hamna anayeikumbuka.

Kuhamishia ripoti kwenye replika hatujakubaliana, timu ya ripoti wana hoja kwamba data kule huchelewa kidogo. Tunaliongea Alhamisi.