Uchambuzi wa tatizo la mteja: Binti N., miaka 15, kidato cha pili, Morogoro

Kikao cha tatu. Taarifa zimetoka kwa N. mwenyewe, mama yake na mwalimu wa darasa.

N. ameletwa kwa sababu ya utoro. Tangu mwaka jana hukosa shule siku za kusoma kwa sauti au kuwasilisha kazi ya kikundi. Moyo humwenda mbio, viganja hulowa, sauti hukatika. Akiwa nyumbani na wadogo zake hana shida yoyote. Naona ni hofu ya kutazamwa na watu, iliyodumu zaidi ya miezi sita.

Upande wa mwili: tangu utotoni alikuwa mzito wa kuzoea wageni. Baba naye, kwa maneno ya mama, "kwenye harusi hukaa na madereva". Huenda amerithi tabia hiyo. Daktari hakuona dalili za tezi ya shingo wala upungufu wa damu.

Tukio lililowasha moto ni la kidato cha kwanza. Alisoma kwa Kiswahili miaka saba, ghafla masomo yakawa kwa Kiingereza. Akaambiwa asimame asome, akalitamka neno la kisiwa kama lilivyoandikwa: "islandi". Darasa zima likacheka, na hadi leo wapo wanaomwita Islandi. Kuanzia hapo anaamini kila akifungua mdomo watu wanasubiri akosee.

Kinachoendeleza tatizo ndicho kilichonichukua muda kukiona. N. huvaa sweta shuleni, katika joto la Morogoro, ili jasho la kwapa lisionekane. Sweta linamtoa jasho zaidi, naye huchukua jasho hilo kuwa ushahidi kwamba hofu yake inaonekana. Darasani hujisikiliza mwenyewe badala ya kumsikiliza mwalimu. Nyumbani, nikimuuliza yeye, mama hujibu. Ni upendo, lakini N. hapati nafasi ya kugundua kwamba anaweza. Shuleni ukimya wake umesifiwa kama adabu ya mtoto wa kike, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka mpaka utoro ulipozidi.

Nguvu alizonazo: ana rafiki mmoja wa dhati, alama zake za maandishi ni nzuri, na huimba kwaya kanisani. "Pale sauti yangu haijulikani ni ipi," alisema. Nilimuuliza waziwazi kuhusu kujidhuru au kutamani kufa. Amekana, na mama hajaona dalili.

Mpango: vikao 12 vya tiba ya fikra na vitendo. Tunaanza na sweta: alivue dakika kumi akiwa na rafiki yake, kisha waandike nani alimtazama. Mama ahesabu hadi kumi kabla ya kumjibia. Maombi ya familia yaendelee. Mwalimu asimsimamishe ghafla, ila asimsamehe kusoma: aanze na sentensi moja, akiwa amekaa. Nafuu isipoonekana, daktari wa akili atafikiria dawa.

Kikao kijacho Alhamisi saa tisa alasiri. Mama atasubiri nje.