Tathmini ya Mwaka 2024: maelezo ya msimamizi kuhusu Neema, msaidizi wa stoo ya dawa

Kwa kamati ya tathmini, na kwa Neema mwenyewe maana nakala anaipata kabla hatujakaa.

Kwenye fomu nimempa 4 kati ya 5. Kile kiboksi cha maelezo kinaingia mistari mitatu tu, na najua kamati ikiona 4 kwa mtu ambaye hata miaka miwili kazini hajafikisha na yupo ngazi ya chini kabisa pale stoo itauliza huyu msimamizi anapendelea au vipi. Kwa hiyo naweka ushahidi hapa, na kila nitakachotaja kipo kwenye mafaili, anayetaka kuona karatasi aje stoo.

Naanza na friji ya chanjo maana ndio kubwa. Jumatatu tarehe 19 Agosti asubuhi Neema kaenda kusoma joto kama kawaida, akakuta kasoro 1.4 wakati friji inatakiwa iwe kati ya nyuzi 2 na 8. Wikiendi ile kulikuwa na usafi na inaonekana mtu aligusa kile kitufe cha kupandisha na kushusha baridi. Sasa mtu mwingine hapo angefanya nini, angerudisha kitufe, angesubiri ipande mpaka 4, angeandika 4 kwenye fomu na maisha yanaendelea, na wala hakuna ambaye angejua, kwa sababu ile alama ya kwenye kichupa inayobadilika rangi inaonyesha chanjo iliyopata joto tu, iliyoganda haionyeshi kitu, kichupa kinakuwa kizuri kabisa kwa macho. Yeye aliandika kasoro 1.4 kama alivyoiona, akafungua kile kifaa kidogo cha kurekodi joto akakuta alamu ya baridi ya Jumapili usiku, halafu ndio akanipigia. Nilipofika alikuwa ameshatenganisha. Chanjo ya polio ya matone na ya surua na rubela kaziacha maana hizo kuganda hakuziharibu, ila penta na Td alizitia kwenye boksi la baridi na kubandika karatasi USITUMIE KWANZA.

Kipimo cha kutikisa tulifanya wote lakini aliyekikumbuka ni yeye. Tulichukua kichupa kimoja kutoka kila bachi tukakigandisha makusudi usiku kucha, Jumanne tukakiacha kiyeyuke chenyewe bila kukipasha moto, kisha unakishika pamoja na kile unachokitilia shaka unavitikisa na kuviweka mezani sambamba uangalie mashapo yanashukaje. Penta iliyokuwa chini, imegusana na ukuta wa friji, mashapo yake yalishuka haraka sawasawa na ya kile tulichokigandisha, maana yake imekufa. Td ilikuwa kwenye kikapu cha juu, yenyewe ikabaki na ule uwingu wake, ikapona. Vichupa 46 vya penta tukavitoa kwenye hesabu, mratibu wa chanjo wa wilaya akajulishwa siku hiyohiyo kwa maandishi (barua ipo, kaiandika Neema mimi nikasaini) na jioni tukaletewa vingine.

Jumatano ilikuwa siku ya kliniki. Watoto 31 walichomwa penta, wengi ni wale wa wiki 6 na wiki 10. Kama ile fomu ingeandikwa 4, wangechomwa maji tu na mama zao wangerudi nyumbani wakijua watoto wamekingwa na kifaduro na dondakoo. Kwenye majukumu yake ya kazi kusoma joto kumeandikwa, haya mengine yote hayapo, naomba kamati ilione hilo.

La pili ni dawa zinazoisha muda. Hapa nitakuwa makini maana namba zinaweza kudanganya. Januari mpaka Juni tuliteketeza dawa za shilingi 3,140,000, Julai mpaka Desemba 870,000. Ukiziweka hivyo inaonekana Neema kafanya muujiza. Lakini ile ya kwanza ina 1,200,000 za shehena moja ya dripu iliyopokelewa ikiwa imebakiza miezi minne, na hilo la kutopokea mzigo wa muda mfupi nililizuia mimi, sio yeye. Toa hiyo, inabaki 1,940,000 dhidi ya 870,000. Tofauti hiyo ndio namhesabia yeye, na sababu naijua: toka Julai kila wiki ya kwanza ya mwezi anaandika orodha ya dawa zilizobakiza chini ya miezi sita, na haibandiki ukutani akaishia hapo kama tulivyozoea, anazunguka nayo wodini anafungua makabati. Ndivyo alivyokuta wodi ya wanaume wanatumia seftriaksoni ya Machi 2025 huku stoo kuna vichupa 120 vya kuisha Novemba. Akabadilishana nao palepale kwa kusainiana. Mwisho wa Oktoba vile 120 vilikuwa vimeisha kwa wagonjwa na sio kwenye tanuru.

Leja nitapita haraka. Hesabu ya kushtukiza ya Machi aina 26 kati ya 40 ndio zilikubaliana na bin kadi, ya Septemba 37 kati ya 40. Mhasibu ndiye aliyechagua hizo 40 mara zote mbili, sio mimi wala Neema.

Kwa nini sio 5 basi. Moja, ripoti ya mwezi kwenye kompyuta bado inamshinda, ya Agosti na ya Oktoba zote zilichelewa, ya Agosti naielewa kwa yale ya friji ila ya Oktoba hapana. Mbili, vitu vingi viko kichwani kwake na kwenye daftari lake, alipoenda likizo Novemba tulihangaika kuitafuta ile orodha mpaka nikampigia simu mtu yupo msibani kijijini, haikuwa sawa kwake wala kwetu. Tatu ni hili la kuwaogopa wakubwa. Daktari akija kuchukua dawa bila fomu Neema anatoa halafu ananiambia baadaye kwa kunong'ona. Mdogo wangu, mtu aliyeandika kasoro 1.4 bila kutetemeka hashindwi kumwambia daktari naomba fomu kwanza, na akikasirika mlete kwangu.

Ninachoomba kwa kamati ni vitu vitatu. Apandishwe kuwa mtunza stoo kuanzia mwaka huu, maana kazi hiyo anaifanya tayari kwa mshahara wa msaidizi. Usimamizi wa friji ya chanjo uandikwe rasmi kwenye majukumu yake, na pawe na wa kumshikia akiwa hayupo. Na alipiwe mafunzo ya kompyuta, ya jioni yanatosha, tusije mwakani tukamlaumu tena kwa kitu ambacho hatukumfundisha. Kama hela ya vyote haipo, la mwisho liachwe mpaka Julai ila la kwanza lisiachwe, maana hospitali zingine zinamuona.

Neema, tunakaa Alhamisi tarehe 16 Januari saa nane mchana ofisini kwangu. Soma kabla. Kama kuna namba hapa unaona sio, au kuna kazi ya mwenzako nimekuhesabia wewe, iandike pembeni na uje nayo, na usisaini ile fomu kwa heshima tu kama hukubaliani nayo.

Msimamizi wa stoo ya dawa