Asanteni mliofika bandani kwetu Jamhuri 🍯

Maonyesho ya Nairobi yamefungwa, banda tumelibomoa, na kabla ya lolote lingine: asanteni sana. Mlitoka Kasarani, Rongai, Kitengela na hata Thika, mkavumilia foleni ya Ngong Road, kisha mkasimama juani kuonja asali ya Mwingi. Tumefarijika mno.

Mzinga wa kioo ndio ulioteka watu. Watoto wa shule walibandika nyuso kwenye kioo wakimtafuta malkia, yule mwenye doa jeupe mgongoni, na kila alipoonekana banda zima lilijaa kelele. Walimu, asanteni kwa kuwaleta. Na nyinyi mliotafuna sega kwa mara ya kwanza mkauliza kama nta humezwa: ukiimeza haina neno, ila wengi huitema utamu ukiisha.

Swali lililorudi kila siku ni hili: "Mbona asali yangu imeganda, ni sukari mmeweka?" Mzee mmoja alikuja na chupa yake kabisa kutoka nyumbani tuikague, na tukafurahi alivyouliza. Asali kuganda ni jambo la kawaida, hasa kwenye baridi ya Nairobi. Glukosi iliyomo ndani yake hugeuka chembechembe, nayo asali inabaki salama. Tia chupa kwenye maji ya vuguvugu, iache itulie hadi ilainike. Usiichemshe jikoni, utaipotezea harufu na ladha yake. Na tulilowaambia akina mama tunalirudia hapa: mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali, hata ya kulamba.

Wafugaji wetu wa Mwingi waliokuja kusimama nasi wamerudi nyumbani na moyo mkubwa. Kumwona mnunuzi akionja, akifumba macho, kisha akiuliza maua ya mti gani (migunga!) ni malipo ambayo hawayapati wakiuzia dalali.

Chupa za nusu kilo ziliisha Jumamosi mapema. Kama tuliandika jina lako daftarini, yako imetengwa na tutakupigia wiki hii. Wengine, mzigo mpya umeshachujwa: nusu kilo shilingi 450, kilo shilingi 850, sega kwenye kibakuli shilingi 600. Mishumaa ya nta ipo, michache.

Kuagiza, tuandikie inboksi: unataka nini, kiasi gani, na uko mtaa gani. Ndani ya Nairobi boda analeta siku hiyo hiyo ukiagiza kabla ya saa sita mchana. Walio nje ya jiji tunawatumia kwa basi. Unalipa kwa M-Pesa ukishapokea na kukagua mzigo. Wenye maduka na mikahawa mliochukua bei ya jumla, bei ni ile ile tuliyowapa bandani hadi mwisho wa mwezi.

Ulipiga picha kwenye mzinga wa kioo? Tutag, tunataka kuziona.

#AsaliYaMwingi #MaonyeshoYaNairobi