JARIFE: Hati ya Trela

Filamu fupi, dakika 24. Trela, dakika 1 na sekunde 40. Mahali: Kigombe, njia ya kwenda Pangani, mkoani Tanga.

Kwa mhariri, kabla hujafungua mafaili: samaki wetu, silikanti, asionekane mzima hata mara moja. Mtazamaji akishamwona mzima ameshashiba, haji. Tunachouza hapa ni fundo la uzi. Samaki ni wa kuvutia macho tu wakati fundo linasogea karibu.

0:00 – GIZA

Hakuna picha, hakuna muziki. Maji yanapiga ubavu wa mashua. Wanaume wanahema, wanavuta kitu kizito.

BAHARIA WA KWANZA: Haya, vuta! Vuta tena!

BAHARIA WA PILI: Papa huyo?

BAHARIA WA KWANZA: Papa gani hapigi mkia?

Kamba inasugua mbao. Kimya cha ghafla.

BAHARIA WA PILI: *(taratibu)* Yakhe… leta tochi.

KADI: PWANI YA TANGA

0:11 – NJE. KIGOMBE, ALFAJIRI

Maji yamekupwa. Ngalawa zimelala ubavu kwenye mchanga. MWANAIDI (19) ameketi chini, wavu wa jarife umetandazwa mapajani. Karibu kabisa: anauma uzi, anaukata kwa meno, anafunga bila kutazama. Kaa na vidole vyake, usiwahi kukata. Hii ndiyo shoti pekee ya trela nzima ninayotaka iwe ndefu kupita kiasi.

MAMA MWANAIDI *(sauti)*: Bahari ilirudisha ngalawa. Ikarudisha na kofia. Mwenyewe haikumrudisha.

KADI: MIEZI MINNE NA SIKU KUMI

KADI: EDA IMEKWISHA

0:24 – NDANI. BARAZANI, JIONI

BABA MDOGO JUMA (45), kanzu imepigwa pasi mpaka imekaza. Birika la kahawa, kisahani cha halua ambacho hakijaguswa. MAMA MWANAIDI anarekebisha ushungi, macho chini.

BABA MDOGO: Shemeji, watu wameshasema ya kusema. Ijumaa tumalize.

Mlango unalia. Mwanaidi amesimama, mikono inanuka samaki.

MWANAIDI: Shikamoo, baba mdogo.

BABA MDOGO: *(anatabasamu)* Marahaba, mwanangu. Tulikuwa tunakutaja.

Tabasamu libaki sekunde moja zaidi ya linavyopaswa. Mwigizaji alilitoa vizuri mno kwenye teki ya mwisho, tumia hiyo.

0:36 – NJE. DIKONI, ASUBUHI

Watu wamezunguka turubai. Watoto wanapenya katikati ya miguu ya wakubwa. Vipande tu: magamba ya buluu yenye madoa meupe. Pezi nene lililotokeza kama kiganja. Jicho.

KIJANA: Mzee, hizi si chini ya kilo sitini! Tumpeleke mnadani!

MVUVI MZEE: Mfunike. Huyo hauzwi. Waite watu wa hifadhi.

KADI: KABLA YA 1938, WATAALAMU WALIAMINI ALITOWEKA NA DINOSARIA

KADI: TANGU MIAKA YA 2000, AMEKUWA AKINASWA TANGA

Jina lake halitamkwi popote. Wa Tanga atamtambua kwa madoa, maana tangu hifadhi ya silikanti ianzishwe mwaka 2009 habari zake zimefika kila diko. Wa bara ataulizana na mwenzake, na akiuliza ametutangazia bure.

0:50 – DIKONI, INAENDELEA

Kila mtu anamtazama samaki. Mwanaidi peke yake anautazama wavu. Hapa ndipo muziki unaingia kwa mara ya kwanza: ngoma moja, pigo moja, basi.

MWANAIDI: Hili jarife la nani?

KIJANA: Tumelikuta limenasa mwambani. Halina mwenyewe.

Karibu: kiraka kwenye wavu. Fundo lililozungushwa mara mbili, likarudishwa kushoto.

MWANAIDI: Lina mwenyewe.

KUMBUKUMBU, SEKUNDE TATU. Mikono ya MZEE KOMBO, baba yake Mwanaidi, uso hauonekani. Mikono midogo ya mtoto juu yake.

MZEE KOMBO *(sauti)*: Kila fundi na fundo lake. La kwangu ulijue hata gizani.

1:01 – NDANI. USIKU, TAA YA CHEMLI

Mwanaidi amekileta kiraka karibu na taa. Mama yake anarudi nyuma mpaka ukutani.

MWANAIDI: Mama, tazama uzi. Haujaota hata mwani.

MAMA MWANAIDI: Usiniambie.

MWANAIDI: Uzi mpya huu, mama.

KADI: MAITI HASHONI NYAVU

Kadi hii ikae kimya. Nimeandika nyingine tano nikazitupa zote. Ukiona inakuchosha, nipigie simu kwanza kabla hujaigusa.

1:10 – MFULULIZO, KASI INAPANDA

Kila shoti sekunde moja au pungufu. Ngoma inaongezeka pigo kwa pigo. Usiweke violini.

Hina inapakwa kwenye mikono inayotetemeka.

Baba mdogo anamimina mafuta ya taa juu ya jarife, usiku, ufukweni. Kiberiti.

SHEKHE: Una hakika mumeo amekufa? *(Mama hajibu.)*

Mwanaidi anasukuma ngalawa peke yake, maji ya bamvua kifuani.

MVUVI MZEE: Rudi, mwanangu! Baba yako hakwenda kuvua usiku ule!

Baba mdogo anageuka ghafla, anatazama moja kwa moja kwenye kamera.

Mikono ya Mzee Kombo inafunga kamba kiunoni. Mtoto anashika ncha nyingine.

MZEE KOMBO *(sauti)*: Nikiwa chini, vuta mara tatu. Nikijibu tatu, ni mimi.

Anajitupa majini. Povu.

Ngoma inakatika katikati ya pigo.

KADI KUBWA: JARIFE

Herufi nyeupe, giza tupu. Sekunde tatu. Wengi watadhani imekwisha na kuanza kutafuta simu zao. Vizuri, ndivyo tunavyotaka.

1:26 – NJE. BAHARINI, USIKU

Ngalawa. Tochi imezimika. Mwanaidi amelowa, kamba mkononi inashuka majini na kupotea. Hakuna muziki, ni upepo na meno yake yanayogongana.

Anavuta. Moja. Mbili. Tatu.

Anasubiri. Tunasubiri naye sekunde nne kamili. Hesabu kwa mdomo ukiwa unakata, usiamini jicho. Kamba imelegea. Mabega yake yanashuka. Anaanza kuikunja.

Kamba inakazika.

Mvuto mmoja.

Mwanaidi anaacha kuhema.

Mvuto wa pili, mkali, ngalawa inainama.

KATA. Kabla ya wa tatu. Hata kama kwenye faili mkono umeanza kusogea, kata hapo hapo. Wa tatu upo kwenye filamu, na anayetaka kujua kama ulikuja, au ulikosekana, atakuja kukaa na sisi.

KADI YA MWISHO: IDI PILI, BAADA YA ISHA. UFUKWENI KIGOMBE. KIINGILIO BURE, NJOO NA MKEKA WAKO.

Sauti ya kamba ikilia kwenye mbao iendelee juu ya kadi hii mpaka fremu ya mwisho. Isififishwe, ikatwe kama kisu. Toa nakala mbili: moja ya mlalo kwa ajili ya turubai, moja ya wima kwa simu, na kwenye ya wima hakikisha fundo la kiraka halikatwi pembeni.